Uso wa mviringo, tezi zilizosinyaa: kwa nini prednisoloni haiachwi ghafla

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52 na anameza prednisoloni miligramu 10 kila siku kwa ajili ya baridi yabisi, sasa ni mwaka na nusu. Uso umekuwa mviringo, tumbo limetoka, presha imepanda. Nilisoma kwamba hizo ni dalili za kotisoli kuzidi mwilini, nikamshauri aache vidonge mara moja. Mfamasia akatuonya kwamba akiacha ghafla atapungukiwa na kotisoli, tena anaweza kufa. Mtu aliyezidiwa na kitu atapungukiwaje na kitu hicho hicho?*

Marahaba. Mfamasia yuko sahihi, na wewe hukukosea kuzisoma dalili. Wewe unaangalia kile kinachozunguka kwenye damu ya mama, na yeye anaangalia tezi ambazo zingepaswa kukitengeneza. Prednisoloni ni steroidi, yaani dawa inayofanya kazi kama kotisoli, homoni ya mwili wenyewe. Kwa mtu aliyemeza steroidi muda mrefu, mambo hayo mawili huachana kabisa.

Adrenali ni tezi mbili ndogo, kila moja imekaa juu ya figo. Hazifanyi kazi kwa kujiamulia. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, pituitari hutoa homoni ya kuchochea adrenali, na adrenali zikichochewa ndipo zinapotengeneza kotisoli. Kotisoli ikifikia kiasi kinachotosha, ubongo huhisi hivyo na kupunguza amri. Kwa kawaida amri hiyo huwa kali alfajiri na hufifia usiku, ndiyo maana kotisoli hupanda kabla hatujaamka na kushuka tunapokaribia kulala.

Sasa ingiza prednisoloni. Ubongo hauulizi kama steroidi iliyopo imetoka kwenye tezi au kwenye kidonge. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ya kawaida yanalingana na prednisoloni ya takriban miligramu 4 hadi 6. Mama anameza 10. Kila siku, kwa mwaka na nusu, ubongo wake umekuta steroidi imejaa, ukaona hakuna haja ya kutoa amri. Pituitari ikanyamaza. Adrenali isiyochochewa haikai tu ikisubiri, bali husinyaa, kama misuli ya mkono uliofungwa plasta ya mfupa kwa wiki nyingi. Siku ya kutoa plasta mkono upo, lakini huwezi kuutegemea kubeba ndoo.

Kwa hiyo uso wa mviringo wa mama hauonyeshi kwamba adrenali zake zinafanya kazi kupita kiasi. Kwa mtu anayemeza steroidi, uso huo ni sababu ya kushuku kwamba tezi zake hazifanyi kazi yoyote ya maana. Akiacha vidonge leo, steroidi itaisha mwilini ndani ya siku moja au mbili, na hakutakuwa na kitu cha kushika nafasi yake. Tezi zilizosinyaa huhitaji wiki kadhaa zikienda vizuri, mara nyingi miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka ili zirudi.

Jambo hili huonekana wazi hata kwa watu ambao hawajawahi kumeza steroidi. Yuko mgonjwa ambaye adrenali yake moja ina uvimbe unaomwaga kotisoli bila kufuata amri. Anakuwa na dalili zote ulizoziona kwa mama. Daktari wa upasuaji anauondoa uvimbe, na adrenali ya upande wa pili, ambayo ni nzima, inashindwa kumhudumia kwa sababu ilikwishasinyaa kipindi chote mwenzake alipokuwa akimwaga. Mgonjwa aliyekuja na kotisoli nyingi hutoka chumba cha upasuaji akiwa anahitaji haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa, ili aishi, na huendelea nayo kwa miezi.

Madaktari walilijifunza hili kwa gharama. Kotisoni, steroidi ya jamii moja na prednisoloni, ilitumiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na watu waliokuwa hawawezi kunyanyuka wakatembea. Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za adrenali. Haikupita miaka miwili, mwaka 1952, ikachapishwa taarifa ya mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa akitumia kotisoni kwa miezi, ikasimamishwa alipokuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji, presha yake ikaanguka na asiweze kuokolewa. Adrenali zake zilipochunguzwa zilikutwa zimesinyaa. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa mama yako.

Nizungumzie dalili za kuzidi kwanza, kwa sababu nyingi kati ya hizo zinadanganya. Tumbo kutoka, presha kupanda, uzito kuongezeka: watu wengi wanazo hizo na kotisoli yao ni ya kawaida. Zinazonifanya mimi nisimame na kutazama vizuri ni za ngozi na za misuli. Ngozi huwa nyembamba, damu huvilia chini yake na mgonjwa hakumbuki amejigonga wapi. Michirizi ya tumboni au mapajani huwa ya rangi ya zambarau na pana, inayozidi sentimita moja. Kwenye ngozi nyeusi zambarau hiyo inaweza kuonekana kama wekundu mzito tu, basi tazama upana wake na jinsi ngozi ilivyolegea hapo. Misuli ya mapaja hudhoofu. Mwambie mama akunje mikono kifuani kisha ainuke kwenye kiti bila kujishika. Akishindwa, au akijirusha kwanza ndipo anyanyuke, steroidi imeanza kuila misuli, ingawa maumivu ya viungo yenyewe nayo yanaweza kumzuia. Miguu na mikono huwa myembamba wakati kiwiliwili kinanenepa, na nyuma ya shingo hujitokeza nundu ya mafuta.

Mengine hayaonekani kwa macho. Mifupa hupungua uzito kimyakimya. Sukari hupanda, tena kwa namna inayowapita wengi: prednisoloni inayomezwa asubuhi huipandisha zaidi mchana na jioni, hivyo mtu anaweza kupimwa kabla ya kula asubuhi akaambiwa yuko salama. Omba mama apimwe saa mbili baada ya chakula cha mchana.

Upungufu una sura nyingine kabisa, na hauna alama moja ya kuunyooshea kidole. Huanza na uchovu usioondoka kwa kulala. Hamu ya kula hupotea, uzito hupungua, kichefuchefu huja na kwenda, tumbo huuma bila mahali maalumu. Mtu akisimama anasikia kizunguzungu kwa sababu presha yake inashuka. Ndiyo maana wengi hutibiwa vidonda vya tumbo, au msongo wa mawazo, kabla mtu hajauliza swali la msingi: je, ulikuwa unameza steroidi, na uliacha lini?

Kuna kosa moja ambalo hata wahudumu wa afya hulifanya. Vitabu huueleza upungufu wa adrenali kwa mfano wa ugonjwa wa Addison, uliopewa jina la Thomas Addison aliyeueleza mwaka 1855. Huko tezi zenyewe zimeharibiwa, aghalabu na kinga ya mwili au na kifua kikuu. Pituitari ikiona kotisoli haiji hupiga kelele, na homoni yake ikizidi huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi, hasa kwenye mikunjo ya viganja, kwenye fizi na kwenye makovu. Mgonjwa hutamani chumvi, na potasiamu hupanda, kwa sababu tezi iliyoharibika imepoteza pia aldosteroni, homoni inayotunza chumvi. Kwa mama yako hayo hayatatokea. Pituitari yake imenyamaza, kwa hiyo ngozi haitabadilika rangi. Aldosteroni huongozwa zaidi na figo kuliko pituitari, kwa hiyo potasiamu yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Anayetafuta viganja vyeusi na potasiamu ya juu atamruhusu arudi nyumbani, naye hana kotisoli.

Tuseme mama angefuata ushauri wako wa kwanza. Siku ya pili baada ya kuacha, viungo vinaanza kuuma, naye anadhani ni baridi yabisi inarudi. Siku ya nne hataki chakula. Wiki ya pili anazidi kuchoka, ila anajikokota, kwa kuwa tezi zilizosinyaa zinaweza kutoa kidogo cha kumfikisha jioni akiwa hajaumwa kitu kingine. Kisha anapata homa ya mafua, jambo dogo. Mwili wenye afya huongeza kotisoli mara kadhaa unapopata homa, jeraha au upasuaji, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoshikilia mishipa isilegee na presha isianguke. Wa kwake hauna cha kuongeza. Anaanza kutapika, anakuwa mlegevu, anaongea maneno yasiyoeleweka. Anapofika hospitali presha ni 80 kwa 50, sodiamu imeshuka, na sukari pia imeshuka, huyu ambaye wiki chache nyuma sukari yake ilikuwa juu. Uso bado ni wa mviringo, maana mafuta hayaondoki kwa wiki mbili. Anayemtazama haraka anaweza kusema mtu huyu amezidiwa na steroidi, asimpe. Hapo ndipo watu wanapofia.

Tiba yake ni rahisi na haisubiri majibu ya maabara. Haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano, ya mshipa au ya msuli, papo hapo. Dripu ya maji ya chumvi, lita moja ndani ya saa ya kwanza kwa mtu mzima ambaye moyo na figo havina matatizo, na glukosi ikiwa sukari imeshuka. Kisha haidrokotisoni miligramu 200 kwa saa 24, kwa dripu au kwa kugawa miligramu 50 kila baada ya saa 6. Ikiwezekana damu ichukuliwe kabla ya sindano ili kotisoli ipimwe baadaye, lakini sindano isicheleweshwe kwa ajili hiyo. Aliyekuwa hajitambui mara nyingi huanza kuzungumza ndani ya saa chache. Kumpa haidrokotisoni mtu ambaye hakuihitaji, kwa siku moja, hakumdhuru sana. Kumnyima aliyeihitaji hakuna marekebisho.

Tuje kwenye namna ya kupunguza, maana lengo lako la kumtoa mama kwenye miligramu 10 ni jema. Kabla ya kugusa dozi, daktari wake ahakikishe baridi yabisi ina dawa nyingine inayoishikilia, kama methotreksati, ambayo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Asipofanya hivyo, kila mkipunguza viungo vitawaka na mtarudi mlikotoka. Nimeona wagonjwa wakizunguka hivyo kwa miaka, na tatizo halikuwa tezi hata kidogo.

Kutoka 10 kushuka hadi 5, mwendo wa kawaida ni kupunguza miligramu moja kila baada ya wiki 1 hadi 4. Kwa mtu aliyemeza muda mrefu kama mama, mimi hupendelea wiki 4. Palipo na vidonge vya miligramu 5 pekee, visivyo na ganda la kuzuia kuyeyuka tumboni, nusu kidonge ni 2.5, na daktari anaweza kupanga siku za 10 na 7.5 kwa kupishana ili hatua iwe ndogo. Dozi imezwe asubuhi, mara moja. Ikimezwa jioni hukutana na amri ya alfajiri na kuizima, na amri hiyo ndiyo tunayotaka irudi.

Akifika 5 hapo tunasimama na kutazama, kwa sababu chini ya hapo mwili unaanza kuzitegemea tezi zake wenyewe. Kotisoli ipimwe asubuhi, kati ya saa 2 na saa 3, kabla hajameza kidonge cha siku hiyo, yaani saa 24 baada ya cha jana. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka na steroidi inaweza kuachwa. Ikiwa kati ya 150 na 300, aendelee na dozi ndogo na apimwe tena baada ya wiki kadhaa. Chini ya 150, bado zimelala, asubiri miezi michache. Kama hakuna kipimo, kupunguza miligramu moja kila wiki 4 kwa uangalifu kunakubalika. Majibu yenyewe hudanganya mara nyingine: prednisoloni iliyomezwa asubuhi hiyo inaweza kusomwa na mashine kama kotisoli, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha namba bila tezi kuwa na nguvu zaidi.

Njiani mama atalalamika, na kila lalamiko litaonekana kuwa lile lile: anaumwa na amechoka. Kuna mambo matatu tofauti nyuma yake. Viungo vikivimba, vikapata joto na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, ni baridi yabisi imerudi, na dawa yake ndiyo ya kuangaliwa. Akiumwa mwili mzima bila uvimbe, moyo mzito, usingizi mbovu, lakini anakula na presha haishuki akisimama, huenda mwili unalilia dozi uliyoizoea ingawa kotisoli inatosha. Hilo huwapata wengi. Mara nyingi tunarudi hatua moja na kukaa hapo kwa muda mrefu zaidi. Lakini akikosa hamu ya kula, akipata kichefuchefu, uzito ukapungua na kizunguzungu kikaja, fikiria upungufu. Mpime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mpigie daktari siku hiyo hiyo, usingoje hatua inayofuata ya ratiba.

Siku za ugonjwa zina sheria yake, na familia nzima iijue. Akipata homa, hata kidonge kimoja kisirukwe. Kama kwa wakati huo yuko kwenye 10 au zaidi, kwa kawaida inatosha, na inaweza kugawanywa 5 asubuhi na 5 jioni. Kama ameshashuka chini ya hapo, apandishe hadi 10 kwa siku mpaka apone, kisha arudi moja kwa moja alipokuwa. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, ameze tena. Akitapika mara ya pili ni hospitali, maana kidonge kisichokaa tumboni ni sawa na kuacha ghafla. Kabla ya upasuaji wowote, aseme mapema kwamba anatumia steroidi. Tahadhari hizi haziishi siku ya kidonge cha mwisho. Zinaendelea kwa takriban mwaka mmoja, isipokuwa kipimo kimeonyesha tezi zimerudi. Aandikiwe kadi inayosema anameza nini, kwa kiasi gani, na kwamba akianguka apewe haidrokotisoni miligramu 100, aiweke panapoonekana kwenye pochi yake.

Onyo hili lisiwatishe waliopewa prednisoloni ya siku 5 kwa pumu. Chini ya wiki 3 hadi 4 kwa mara moja, kwa kawaida huachwa bila kupunguza. Ila kozi fupi zinazorudiwa mara nyingi kwa mwaka hujumlishwa. Krimu kali za steroidi kama za klobetasoli zinazopakwa mwili mzima nazo huhesabiwa, ikiwa ni pamoja na zile za kung'arisha ngozi, na pia sindano za steroidi za mara kwa mara kwenye viungo. Zipo hata dawa za maumivu zinazouzwa kama za mitishamba ambazo zimekutwa zimechanganywa deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi. Mtu akipata uso wa mviringo kutokana na dawa kama hiyo, asiitupe ghafla, aipeleke kwa daktari.

Uso wa mama utapungua polepole dozi ikishuka, kwa miezi. Michirizi itapauka lakini haitafutika yote. Presha na sukari hushuka kwa wengi, kwa hiyo dawa zake za presha zipitiwe upya kadiri anavyopunguza, zisije zikamwangusha.

Na kama alishaacha tangu siku uliyomshauri, arudie miligramu 10 leo, kisha mwende kwa daktari wake kesho kupanga ratiba. Akiwa anatapika, analegea au anachanganyikiwa, ruka hatua ya vidonge, mpeleke hospitali sasa hivi, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba alikuwa anatumia steroidi na ameiacha.